Wastani wa wote au wastani wa walipaji: upi wa kushika ukiwa na watumiaji wa bure

Mwanzoni mwa Desemba, baada ya swala ya alasiri, mimi na mpwa wangu Swaleh tulikaa barazani hapa Lamu, kila mmoja na simu yake, tukafungua lahajedwali ile ile ya mapato ya Novemba. Tulitaka kujua kitu kimoja tu: kila mtumiaji wa programu yetu anatuingizia shilingi ngapi kwa mwezi. Yeye akasoma 260. Mimi nikasoma 10 na senti 40.

"Mjomba, mbona yako imekuwa ndogo hivyo?" akaniuliza.

Tulikagua fedha, zikawa sawa. Tukakagua idadi ya watu, ikawa sawa. Sote tulikuwa tumeandika fomula hii:

```
=AVERAGE(C2:C2001)
```

Tofauti ilikuwa kwenye visanduku vya watu wasiolipa. Katika nakala yangu nilikuwa nimewaandikia 0. Swaleh alikuwa ameviacha vitupu. `AVERAGE` huihesabu sifuri kama namba, lakini kisanduku kitupu hukiruka kana kwamba mtu yule hayupo. Kwa hiyo mimi niligawanya fedha kwa watu 2,000, yeye akagawanya fedha zile zile kwa watu 80 waliolipa. Bila kukusudia, kila mmoja wetu alikuwa ametafuta kipimo tofauti.

Vipimo hivyo viwili ndivyo utakavyoviona kwenye skrini za takwimu vikiandikwa `ARPU` na `ARPPU`. Cha kwanza ni mapato ya kipindi kugawanywa kwa watumiaji wote waliotumia huduma katika kipindi hicho. Cha pili ni mapato hayo kugawanywa kwa waliolipa peke yao. Mimi hapa nitaviita wastani wa wote na wastani wa walipaji, maana ndivyo tunavyoviita nyumbani. Ukitaka kuviandika bila kutegemea kama kisanduku ni kitupu au kina sifuri, andika hivi:

```
=SUM(C2:C2001)/COUNTA(A2:A2001)
=SUM(C2:C2001)/COUNTIF(C2:C2001,">0")
```

Safu ya A ina namba za watumiaji, safu ya C ina walicholipa mwezi huo. Mstari wa kwanza unatoa wastani wa wote, wa pili wastani wa walipaji.

Nieleze kwanza biashara yenyewe. Programu yetu inaonyesha saa za maji kujaa na kupwa na hali ya upepo kwa bahari ya Lamu na visiwa vyake. Saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na boti inayotoka Lamu kwenda Mtangawanda, kisiwani Pate, ikipitia mkondo mwembamba wa Mkanda haiwezi kupuuza jambo hilo: maji yakipwa mno, mnakwama kati ya mikoko mkisubiri. Anayetumia bure anaona maji ya leo tu. Anayelipa anaona siku saba zijazo pamoja na upepo, na hupata tahadhari ya saa nzuri ya kupita Mkanda. Nahodha na mvuvi hulipa shilingi 200 kwa mwezi. Boti za abiria na nyumba za wageni zinazopeleka watu baharini hulipa 500.

Oktoba, watu 800 waliifungua programu angalau mara moja. Waliolipa walikuwa 64: manahodha na wavuvi 50, na boti za abiria pamoja na nyumba za wageni 14. Fedha zilikuwa shilingi 17,000. Novemba likaja tamasha la utamaduni, mji ukajaa wageni, wengi wakapakua programu ili wajue saa ya kwenda kuogelea Shela au kutazama mashindano ya majahazi. Waliofungua wakafika 2,000, waliolipa 80, fedha 20,800. Desemba nayo ina kisa chake, nitakifikia. Miezi yote mitatu kwa pamoja ni hii:

| Mwezi | Waliofungua | Waliolipa | Mapato (sh) | Wastani wa wote | Wastani wa walipaji |
|---|---|---|---|---|---|
| Oktoba | 800 | 64 | 17,000 | 21.25 | 266 |
| Novemba | 2,000 | 80 | 20,800 | 10.40 | 260 |
| Desemba | 1,900 | 54 | 19,400 | 10.21 | 359 |

Tazama Oktoba na Novemba. Fedha zimeongezeka kwa shilingi 3,800, walipaji wameongezeka 16, lakini wastani wa wote umeanguka kutoka 21.25 hadi 10.40. Mtu akikuletea safu hiyo peke yake utadhani biashara inazama. Hakuna kilichozama. Waliokuja ni watu wa bure wengi mno kwa mpigo, na wote wameingia chini ya mstari wa kugawanya.

Kuna uhusiano mmoja unaofungua fumbo hili: wastani wa wote ni wastani wa walipaji mara sehemu ya watumiaji wanaolipa. Oktoba walilipa 64 kati ya 800, yaani asilimia 8. Novemba walilipa 80 kati ya 2,000, yaani asilimia 4. Chukua 260 mara 0.04 upate 10.40. Kwa hiyo wastani wa wote ukishuka, jiulize kipi kimeshuka: ni kile anachotoa mlipaji, au ni sehemu ya watu wanaolipa? Kwetu, alichotoa mlipaji hakikubadilika sana, kutoka 266 hadi 260. Iliyopungua nusu ni ile sehemu. Hizo ni habari mbili tofauti na dawa zake ni tofauti, na kipimo kimoja hakiwezi kukuambia ni ipi.

Hapo Swaleh akaona kuwa kipimo chake ndicho cha kuaminika. Wastani wa walipaji hausumbuliwi na wageni wa tamasha, alisema, basi tuushike huo, na tuupandishe. Akapendekeza manahodha walipe 300 badala ya 200. Nilikubali, na kosa lile ni letu sote wawili.

Desemba wastani wa walipaji ulipanda kutoka 260 hadi 359. Kwa kipimo hicho, huo ulikuwa mwezi bora kuliko yote. Lakini shilingi mfukoni zilipungua kutoka 20,800 hadi 19,400. Manahodha na wavuvi wanaolipa walikuwa 64, wakabaki 38. Boti za abiria na nyumba za wageni 16 zikabaki vile vile kwa sababu bei yao haikuguswa. Ukiwaondoa watu 26 wanaolipa kidogo na kuwabakiza wanaolipa zaidi, wastani wa waliobaki lazima upande. Wastani wa walipaji una tabia hiyo siku zote: anayeacha kulipa hutoka kabisa kwenye hesabu, na kuondoka kwake hakuachi alama yoyote. Kwenye wastani wa wote angalau anaendelea kuonekana, maana wale 26 hawakufuta programu. Walirudi kwenye upande wa bure, wakaendelea kutazama maji ya leo kila asubuhi.

Hatukuweza kusingizia bahari. Desemba ni kaskazi, vyombo vinatoka, wavuvi wako kazini. Ingekuwa Julai, kusi imechacha na wengi wamevuta vyombo pwani, ningesema tusubiri. Ndiyo maana siku hizi silinganishi mwezi wa kusi na mwezi wa kaskazi kwa kipimo chochote kati ya hivi viwili.

Nilikwenda gatini kumuuliza nahodha mmoja tunayemjua vizuri kwa nini aliacha. Akanionyesha simu yake. Mwenzake wa Matondoni bado analipa, na kila Ijumaa anapiga picha ya ukurasa wa siku saba na kuituma kwenye kundi lao la WhatsApp. Kwa shilingi 200 kila mtu alikuwa na yake. Kwa 300 wameona afadhali mmoja awalipie wenzake. Habari hiyo haimo katika wastani wowote, ila ukiweka kando ya wastani wa walipaji idadi ya walipaji wenyewe, dalili yake inaonekana mara moja: wastani unapanda, idadi inapungua. Siku hizi sitazami 359 bila kutazama 54 iliyo kando yake.

Jambo jingine dogo kuhusu 260 ya Novemba: hakuna mtu hata mmoja aliyelipa 260. Walikuwepo wa 200 na wa 500. Ukiwa na bei zilizotengana namna hiyo, wastani wa walipaji unakueleza zaidi mchanganyiko wa wateja kuliko mteja yeyote. Kwa swali la bei ya manahodha, ningepaswa kuwatazama manahodha peke yao: Novemba walileta shilingi 12,800, Desemba 11,400. Kwa namba hizo mbili swali lile lilikuwa limekwisha jibiwa.

Sasa nije kwenye swali ambalo wastani wa wote unalijibu vizuri kuliko mwenzake, nalo ni la gharama ya kumleta mtu. Katikati ya Novemba tulilipia matangazo ya shilingi 6,000, yakatuletea watu 500 wapya. Ni shilingi 12 kwa kila mtu. Ukizilinganisha na 260 utasema fedha imerudi mara ishirini, tangaza tena kesho. Lakini tangazo halikuletei mlipaji. Linakuletea mtu, na hujui kama atalipa. Kwa hiyo gharama ya mtu mmoja wa kawaida lazima ilinganishwe na mapato ya mtu mmoja wa kawaida, akiwemo yule atakayefungua mara moja asirudi. Kwa 10.40, zile 12 hazirudi hata mwezi wa kwanza.

Na hata 10.40 ilikuwa inatupendelea, kwa sababu imewachanganya wenyeji na wageni. Nilipoongeza safu ya mwezi ambao mtu aliingia mara ya kwanza, picha ikapasuka vipande viwili. Kati ya wale 2,000 wa Novemba, 760 walikuwa nasi tangu kabla ya mwezi huo, na 70 kati yao walilipa jumla ya shilingi 18,800. Wastani wao wote, wa bure wakiwemo, ni 24.74. Wapya walikuwa 1,240, waliolipa ni 10, shilingi 2,000. Wastani wao ni shilingi 1 na senti 61.

Watu wetu wa zamani walikuwa wanatoa zaidi kuliko ile 21.25 ya Oktoba, ilhali wastani wa jumla ulikuwa umeanguka nusu. Namba zote mbili ni kweli. Kwa swali la tangazo, ya kutumia ni ile 1.61 ya wapya, na kuifuatilia mwezi wa pili na wa tatu ili kuona kama wanaobaki wanaanza kulipa. Mgeni aliyerudi kwao baada ya siku nne hatalipa kamwe, na hilo si kosa lake wala la programu. Kama ningeanza upya, hii ndiyo safu ya kwanza ambayo ningeiweka kwenye lahajedwali.

Kuhusu nani ahesabiwe kuwa mtumiaji, nasema kwa ufupi: aliyefungua ndani ya mwezi, basi. Jumla ya waliopakua tangu tuanze ilikuwa 5,100, na ukigawanya 20,800 kwa hao unapata shilingi 4 na kitu, namba isiyosaidia uamuzi wowote, kwa sababu jumla hiyo haipungui hata mtu akifuta programu au akipoteza simu. Chagua kipindi kimoja, ukitumie juu na chini ya mstari, usikibadilishe katikati ya mwaka.

Kampuni kubwa nazo hazitumii jina moja kwa maana moja, kwa hiyo usilinganishe namba yako na ya mtu kabla hujajua aligawanya kwa nani. Makampuni ya simu yamezoea kutangaza `ARPU`, na kwao tofauti ya vipimo hivi si kubwa, maana karibu kila mwenye laini hutia salio. Facebook kwa miaka mingi ilitangaza wastani wa watumiaji wote, na ndivyo ilivyofaa, kwa kuwa mtumiaji hatoi kitu na fedha zinatoka kwa watangazaji. Spotify ina wasikilizaji wengi wa bure, lakini wastani inaoutangaza kwa jina la `Premium ARPU` ni wa wanaolipia peke yao. Kwa maana tunayoitumia hapa, huo ni wastani wa walipaji hata kama jina lake lina herufi nne.

Matangazo nayo yanadai uangalifu. Muuza barafu mmoja wa hapa mjini alituomba nafasi ya tangazo kwenye ukurasa wa bure kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Tuchukulie fedha hizo zingekuwepo Novemba. Wastani wa wote ungekuwa 22,800 kwa watu 2,000, yaani 11.40, na ni sawa, kwa sababu watu wa bure ndio waliolitazama tangazo. Lakini mtu akichukua 22,800 hiyo hiyo na kuigawanya kwa walipaji 80 anapata 285, na hapo amewapa walipaji sifa ya fedha zilizoletwa na wasiolipa. Juu ya mstari wa wastani wa walipaji weka kilichotoka mifukoni mwao tu.

Tukiwa katika hesabu hizi, Swaleh akaja na wazo la pili. Kuna watu 600 wa bure wenye simu ndogo zisizo na intaneti ambao tunawatumia ujumbe mfupi mara moja kwa wiki, na tunawahesabu pamoja na waliofungua. Kila ujumbe unatugharimu senti 80, kwa hiyo ni shilingi 1,920 kwa mwezi. Tukiwaondoa, alisema, wastani wa wote wa Novemba ungetoka 10.40 hadi 14.86. Hesabu yake ni sahihi. Lakini kupanda huko hakuna shilingi hata moja mpya ya mapato ndani yake. Akiba halisi ni zile 1,920, nazo ndizo za kupimwa dhidi ya kile ambacho watu hao wanatupa.

Na wanatupa kitu. Mabaharia wa Kizingitini, wengi wao wa kundi hilo la bure, ndio wanaojibu ujumbe wetu alfajiri wakisema hali ya nje ya mwamba ikoje. Nimeuhifadhi mmoja wao: "Upepo umegeuka, mawimbi ya nje makubwa, ndani shwari." Ulifika saa kumi na moja kasoro alfajiri, na ndani ya nusu saa tulikuwa tumewatahadharisha wote waliolipa. Hicho ndicho ambacho nahodha wa shilingi 200 anakinunua, maana saa za maji peke yake hata kalenda ya ukutani inazo. Tena kati ya walipaji 64 wa Oktoba, 41 walianza kwa kutumia bure. Tungewaondoa wale 600 Novemba, wastani wa wote ungepanda mwezi huo huo, na wastani wa walipaji ungeanza kuugua taratibu miezi ya baadaye, wakati tumeshasahau tulichokifanya. Tukawaacha.

Kwa hiyo ukiniuliza nishike upi, nitakuuliza unaamua nini. Ukiamua kuhusu fedha za kuwaleta watu, au gharama ya kuwahudumia, au thamani ya tangazo, shika wastani wa wote, na uupasue kwa mwezi wa kuingia. Ukiamua kuhusu bei au huduma mpya ya kulipia, shika wastani wa walipaji kwa kila aina ya mteja, na usiutoe mbele za watu bila idadi ya walipaji na jumla ya fedha. Ningelazimishwa kubaki na kimoja kwa biashara ndogo kama yetu, ningebaki na wastani wa wote, kwa sababu makosa yake hunitia hofu na kunifanya nikague, ilhali makosa ya mwenzake hunifurahisha na kunifanya nilale.

Januari tuliirudisha bei ya manahodha kuwa 200. Waliofungua walikuwa 1,500, waliolipa 76, fedha 20,000. Wastani wa wote ukapanda hadi 13.33, na Swaleh mwenyewe ndiye aliyesema kwamba sehemu kubwa ya kupanda huko ni wageni waliokwisha ondoka. Wastani wa walipaji ukarudi 263. Manahodha na wavuvi wanaolipa wakawa 60, na 22 waliorejea wote walikuwa kati ya wale 26 tuliowapoteza. Wanne waliobaki wanafungua ukurasa wa bure kila siku kabla ya alfajiri. Tumewawekea alama kwenye lahajedwali, na kisanduku cha kila mmoja wao kwenye safu ya C kina sifuri.